Kumtafsiria mlezi maagizo ya kumtunza mama mzee

Karatasi anayotoka nayo mzee hospitalini imeandikwa na daktari kwa ajili ya daktari mwenzake. Ina Kiingereza, vifupisho na tarakimu zilizobanana kwenye mstari mmoja. Anayebaki na mama nyumbani, awe Ipagala au Nkuhungu hapa Dodoma mjini, au kijijini huko Kongwa, mara nyingi ni binti wa ndugu au dada wa kazi aliyeishia darasa la saba, na watoto wa mama wako makazini au mikoa mingine. Mwongozo huu ni wa yule mtoto au mjukuu anayekaa chini kuigeuza karatasi ile iwe Kiswahili cha kubandikwa ukutani.

Kazi hii ina hatari yake. Unaweza kutafsiri kila neno sawasawa na mama bado akadhurika, kwa kuwa daktari ameacha bila kuandika mambo ambayo daktari mwenzake angeyajua. "Meza pamoja na chakula" ni tafsiri sahihi, ila haimwambii mlezi afanye nini siku ambayo mama amegeukia ukutani na kukataa uji. Mlezi atafanya kile anachoona ni utiifu: atampa kidonge.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Mama ana miaka 78, ana sukari na presha, na ameruhusiwa hospitalini akiwa na dawa nne. Glibenklamidi 2.5 mg, OD, pamoja na kifungua kinywa. Metformini 500 mg, BD, pamoja na chakula. Amlodipini 5 mg, OD. Parasetamo 1 g, PRN. Zote zimeandikiwa 1/12. Chini kuna mstari unaosema apunguze chumvi na arudi kliniki.

Hatua ya kwanza: kusanya maboksi, kisha uliza kabla ya kuandika

Usitafsiri ukiwa na karatasi peke yake. Weka mezani karatasi, maboksi ya dawa mpya na dawa zote za zamani zilizomo ndani, pamoja na zile zilizofungwa kwenye kitambaa chini ya mto wa mama. Mara nyingi utakuta dawa ileile kwa majina mawili, jina la dawa yenyewe na jina la kampuni. Mlezi akiona maboksi mawili atampa mama yote mawili, naye mama atameza dozi maradufu. Kwa kawaida lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kampuni ndilo jina la dawa. Hilo ndilo la kulinganisha.

Halafu nenda kwa mfamasia au muuguzi wa kliniki ukiwa na maswali yako. Kwa kila dawa yanatosha matatu: asipokula afanyeje, akisahau afanyeje, na dalili gani ikitokea dawa isitolewe tena mpaka daktari aulizwe. Majibu yake ndiyo utakayoyaandika. Wewe unageuza lugha, hupangi dozi. Pale ambapo karatasi haisomeki au haieleweki, acha nafasi wazi, piga simu uulize, kisha ndipo ujaze. Kubahatisha maandishi ya daktari kwa sababu "nadhani ni kumi" ni jambo la kukatazana kabisa katika familia.

Hatua ya pili: fungua vifupisho na tarakimu

OD ni mara moja kwa siku. BD ni mara mbili, TDS ni mara tatu. PRN ni pale inapohitajika tu. Kwenye bahasha za dukani utakuta pia 1x2 au 2x3: namba ya kwanza ni idadi ya vidonge kwa mara moja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 2x3 ni vidonge viwili, mara tatu, jumla sita. Nimeona watu wakiisoma kinyume, vidonge vitatu mara mbili. Jumla ni ileile, lakini mzigo wa kila mara si uleule, na kwa dawa nyingine hilo ni jambo kubwa.

Kifupisho kinachopotosha zaidi ni kile cha muda. Kwa mtindo wa hospitali, namba iliyo chini ya mstari inataja kipimo cha muda: 7 ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. Hivyo 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, na 1/12 ya mama yetu ni mwezi mmoja. Asiyejua ataisoma 1/12 kama tarehe mosi Desemba, au kama kidonge kimoja kila baada ya saa kumi na mbili. Kwenye karatasi ya mlezi isiwepo kabisa. Andika "dawa hizi ni za mwezi mmoja, zikibaki za siku saba, mpigie dada mkubwa azinunue." Dawa za presha na sukari hazikomi boksi likiisha, na hilo mlezi halijui asipoambiwa.

Sasa angalia ile 2.5 mg. Boksi la glibenklamidi lililopo mezani ni la vidonge vya 5 mg, kwa hiyo dozi ya mama ni nusu kidonge. Ukinakili "2.5" jinsi ilivyo, kuna mlezi atakayeisoma vidonge viwili na nusu, na nukta ikififia kuna atakayeona 25. Andika kwa maneno na kwa herufi kubwa: NUSU KIDONGE. Hesabu ya miligramu ifanyike mezani pako na ibaki hapo. Ukutani iende idadi ya vidonge tu. Siku ukinunua boksi la kampuni nyingine, angalia nguvu yake kabla ya kumkabidhi mlezi, kwa sababu nusu kidonge cha boksi lile inaweza isiwe nusu ya hili.

Jina la dawa, kinyume chake, usilitafsiri wala kulitohoa. Linakili herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye boksi, ili mlezi alinganishe karatasi na boksi kwa macho hata kama hawezi kulitamka.

Hatua ya tatu: geuza saa

Hapa ndipo nakuomba upunguze mwendo. Karatasi ya Kiingereza inahesabu saa kutoka usiku wa manane na adhuhuri. Sisi tunahesabu kutoka kuchwa na kucha. Tofauti ni saa sita. Ile 8 pm ya karatasi ya Kiingereza ni saa 2 usiku kwetu. Mtoto aliyezoea ofisi ya Kiingereza akiandika kwa haraka "saa 8 usiku", mlezi mtiifu ataamka katikati ya usiku kumwamsha mama ameze dawa ambayo ilitakiwa baada ya chakula cha jioni.

Saa ya simu inaongeza mkanganyiko, maana inaonyesha tarakimu za Kiingereza. Suluhisho ni kuandika zote mbili kila mara: "saa 1 usiku (simu inaonyesha 19:00)". Weka kengele ya simu wewe mwenyewe, mbele yake, na umwache aisikie ikilia.

Kuna na mtego wa "kila baada ya saa 8". Hii ikiandikwa "kila saa 8" inakuwa ni dawa ya saa 8 mchana, mara moja kwa siku. Dozi ya namna hiyo, kama ile ya baadhi ya antibayotiki, iandike kwa saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Vivyo hivyo usiridhike na "kutwa mara tatu" ya kwenye bahasha. Kutwa kwa masikio ya wengi ni toka jua linapochomoza hadi linapotua, na dozi zote tatu zitaisha kabla ya saa 12 jioni, kisha mama akae usiku kucha bila dawa.

Na usiku nao una siku mbili. Mama akitakiwa kupimwa damu Jumatano asubuhi bila kula, "asile usiku wa Jumatano" inaweza kumfanya mlezi asubiri hadi Jumatano jioni. Andika "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, kuanzia saa 6 usiku, asile kitu." Ongeza kama maji anaruhusiwa, na kama dawa ya asubuhi inangoja hadi arudi. Kwa mama yetu, glibenklamidi lazima ingoje, na sababu utaiona sasa hivi.

Hatua ya nne: kila dawa ipewe "asipokula"

Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini, mama awe amekula au hajala. Akimeza bila kula, sukari ya damu inashuka chini mno, na kwa mzee dawa hii inakaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa zimechoka. Ndiyo ya kuogopwa kuliko zote nne. Kwa hiyo mstari wake ukutani lazima uanze na uji. Kidonge kinakuja baadaye.

Metformini haishushi sukari kwa namna hiyo ikiwa peke yake. Kosa lake kubwa ni kuchafua tumbo ikimezwa na njaa, na haifai kuendelea mama akiwa anatapika au anaharisha. Amlodipini haijali chakula. Kila boksi tulilibandika utepe wa rangi: mwekundu ni glibenklamidi, wa kijani ni metformini, wa bluu ni amlodipini. Hivi ndivyo sehemu ya dawa ya karatasi ya ukutani ilivyotoka, baada ya mfamasia kujibu maswali:

SAA 1 ASUBUHI (simu inaonyesha 7:00)
Uji uwe mezani kwanza. Bibi akishakunywa kama nusu kikombe, mpe NUSU KIDONGE cha boksi lenye utepe mwekundu.
Akimaliza uji, mpe KIDONGE KIMOJA cha boksi lenye utepe wa kijani na KIDONGE KIMOJA cha boksi lenye utepe wa bluu.
Bibi akikataa kula au akitapika: USIMPE chenye utepe mwekundu wala cha kijani. Cha bluu mpe akiweza kumeza. Mpigie dada mkubwa muda huohuo.

SAA 1 USIKU (simu inaonyesha 19:00)
Baada ya chakula, mpe KIDONGE KIMOJA cha boksi lenye utepe wa kijani. Asipokula, usimpe.

UKISAHAU
Chenye utepe wa bluu: ukikumbuka kabla ya jua kuzama, mpe. Ukikumbuka baadaye, acha. Kesho mpe kimoja tu.
Chenye utepe mwekundu na cha kijani: usifidie. Subiri mlo unaofuata wa saa yake.
Usimpe mara mbili kwa ajili ya kufidia, dawa yoyote.

Tepe za rangi ni za kufungia waya, zinapatikana duka lolote la vifaa vya umeme. Zibandike kwenye boksi na pia kwenye karatasi, mbele ya mstari wa dawa ile, na chini ya kila rangi jina la dawa liandikwe. Mlezi asiyeona vizuri usiku, au asiyesoma sana, atafuata rangi. Lakini rangi haifanyi kazi kama maboksi yanabadilishwa bila utepe kuhamishwa, kwa hiyo kazi ya kuhamisha utepe iwe ya mtu mmoja anayejulikana.

Angalia pia kwamba karatasi inasema "Bibi". Mlezi wetu anamwita mama "Bibi", naye mama anapita hapo ukutani kila siku. Hakuna mzee anayependa kusoma "mgonjwa apewe" juu yake mwenyewe ndani ya nyumba yake. Mambo ya faragha, kama kubadilishwa nguo usiku, usiyabandike sebuleni. Yaandike kwenye daftari linalokaa chumbani.

Ile parasetamo ya PRN nayo ina mambo yake. "Ikihitajika" haimsaidii mlezi, kwa kuwa mama akiugulia magoti kila saa, dawa itahitajika kila saa. PRN iandikwe kwa mambo manne: kwa maumivu gani, ngapi kwa mara moja, baada ya muda gani ndipo tena, na mwisho ngapi kwa usiku na mchana. Kwa vidonge vya 500 mg, gramu moja ni vidonge viwili. Yetu ilisomeka: "Bibi akilalamika magoti au kichwa, mpe vidonge VIWILI. Usimpe tena mpaka zipite saa sita. Tangu asubuhi hadi asubuhi visizidi SITA. Kila ukimpa, andika saa kwenye daftari." Sita ndiyo mpaka uliowekwa na daktari wake; mwulize wa kwako, maana mzee mwembamba au mwenye ini bovu hupunguziwa. Ongeza mstari wa kumkataza mlezi kununua dawa nyingine ya maumivu dukani. Diklofenaki, ambayo watu huinunua kama pipi, inapandisha presha na kuziumiza figo za mzee. Na dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani yake tayari.

Hatua ya tano: chakula na ratiba, kwa vyombo vya nyumbani

"Apunguze chumvi" ni mstari unaotafsirika kirahisi na kutekelezwa vibaya. Hapa kwetu Dodoma mlenda hupikwa kwa magadi, na magadi ni sodiamu kama ilivyo chumvi. Mlezi atapunguza kijiko cha chumvi kwa moyo safi, kisha atatia magadi kama alivyofundishwa na mama yake. Kwa hiyo karatasi yetu iliyataja kwa majina: chumvi ya mezani, magadi kwenye mlenda, vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, na dagaa wa chumvi. Ukitaka mama aendelee kula mlenda wake, na anastahili kuula, upikwe bila magadi. Unaweza kuchelewa kulainika kidogo tu.

Maji ni hivyohivyo. Ukame wetu hukausha mwili na mzee hasikii kiu kama kijana. Kama daktari amesema lita moja na nusu, toa chupa tatu za nusu lita, zijazwe asubuhi na ziwe zimeisha kabla ya saa 12 jioni, ili mama asiamke gizani mara kwa mara kwenda chooni. Lakini mzee mwenye moyo dhaifu huweza kuwekewa mpaka wa maji. Usinakili lita za mzee wa jirani.

Mengine ya ratiba andika kwa ufupi: kuota jua la asubuhi, kutembea ukumbini, kukagua nyayo kila jioni kama kuna kidonda (mwenye sukari huweza asikie maumivu), tochi na fimbo karibu na kitanda. Kama mama anafunga Ramadhani au Kwaresima, suala hilo lipelekwe kwa daktari mapema. Mlezi asiachiwe aamue mwenyewe saa za dawa zihamie wapi.

Hatua ya sita: dalili za hatari, kwa yale mlezi anayoyaona

Majina ya magonjwa hayamsaidii mlezi. Macho yake yanamsaidia. Kwa mama huyu nilichagua mawili ya kuandika kwa urefu.

La kwanza ni sukari kushuka. Kwa mzee mara nyingi haianzi na kutetemeka. Inaanza kwa maneno yasiyoeleweka, ukali wa ghafla, kusinzia, kumwita mlezi kwa jina la dada yake aliyefariki. Nyumba nzima itasema ni uzee. Andika hivi: "Bibi akitokwa na jasho la baridi, akitetemeka, akiwa mkali bila sababu, au akichanganya maneno, mpime sukari. Ikiwa chini ya 4, au mashine haipo karibu, koroga vijiko VINNE vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, anywe. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, mpe uji au ugali mara moja. Kisha piga simu, hata kama amechangamka." Simu ni ya lazima kwa sababu glibenklamidi iliyobaki mwilini inaweza kuishusha tena baada ya saa kadhaa, na mama anahitaji kuangaliwa hospitalini. Na kwa herufi kubwa: AKIWA HAWEZI KUMEZA AU HAAMKI, USIMTIE KITU MDOMONI. Mlaze ubavu, itisha gari.

Eleza pia maandishi ya mashine. Mashine nyingi za sukari, kipimo kikipita uwezo wake, hazitoi namba. LO inamaanisha iko chini mno, HI iko juu mno. Zote mbili ni za kwenda hospitali, ila kwa LO anaanza na sukari kama bado anameza. Mlezi asiyeambiwa hufikiri mashine imeharibika, huizima na kulala.

La pili ni kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, maneno kukorogeka. Njia ya kumpima ni kumwambia atabasamu, ainue mikono yote miwili, na ataje jina la mtu wa nyumbani. Moja tu likishindikana, ni hospitali. Mlezi aandike saa aliyomwona mama mzima mara ya mwisho, maana ndilo swali la kwanza atakaloulizwa na daktari, na baadhi ya matibabu yanategemea jibu lake. Asimpe chakula, maji, aspirini wala kidonge cha ziada cha presha. Watu wengi hukimbilia kuongeza kidonge cha presha. Kuishusha presha ghafla wakati huo kunaweza kuuzidishia ubongo madhara. Sukari aipime, kwa sababu iliyoshuka sana huweza kufanana na kiharusi, lakini kupima kusicheleweshe safari.

Mengine ni mstari mmoja mmoja: kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuanguka na kugonga kichwa. Miguu kuvimba, ambayo amlodipini huileta kwa baadhi ya watu, iandike kando, chini ya kichwa "Mwambie dada mkubwa leo, si dharura".

Hatua ya saba: namba za simu kwa mpangilio wa nani anafika

Tafsiri ya mwongozo wa nje huwa na namba ya dharura ya nchi nyingine. Ifute. Hapa 112 ni ya polisi na dharura, 114 ni ya zimamoto na uokoaji. Namba 115 ni ya usafiri wa wajawazito na watoto wachanga, kwa hiyo usimwandikie mlezi wa mzee kana kwamba ndiyo itakayomletea gari. Kwa hali ya mitaa yetu, gari la kumfikisha mama hospitalini usiku ni la jirani au la dereva mnayemjua.

Kwa hiyo orodha ianze na aliye karibu. Mtoto anayempenda sana mama lakini yuko Mwanza hawezi kumbeba. Yetu ilipangwa hivi: kwanza jirani mwenye gari, pili dereva wa bajaji wa kijiweni, tatu mjomba aliye mjini, ndipo watoto. Kila jina lina namba mbili kama zipo, na neno moja la kazi yake: "anabeba", "analipa", "anaongea na daktari". Anayepatikana kwa Wasap tu awekwe mwisho. Mlezi hana bando kila saa, kwa hiyo mwekee vocha ya dharura na uikague kila wiki. Namba ziwe ukutani pia, maana simu huishiwa chaji.

Chini ya namba, andika maneno ya kumwelekeza dereva: jina la mtaa, namba ya nyumba iliyo kwenye kibao cha anwani, na alama isiyohama, kama msikiti, kanisa au shule. Mfanye mlezi ayasome kwa sauti. Mtu mwenye hofu husahau hata anapoishi.

Lililo gumu kuliko namba ni ruhusa. Dada wa kazi atapiga simu kwa kila mtoto akingoja aambiwe "mpeleke", huku dakika zikienda. Mwandikie wazi: "Ukiona dalili za upande huu wa karatasi, mpeleke Bibi kwanza, piga simu ukiwa njiani. Hutaulizwa." Kisha mpe mfuko wenye kadi ya bima, kadi ya kliniki, nakala ya karatasi ya dawa kwa Kiingereza na bahasha ya nauli. Ile ya Kiingereza ni muhimu. Daktari wa zamu ya usiku ataisoma kwa haraka kuliko tafsiri yako.

Hatua ya nane: jaribu tafsiri yako

Usimwulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Mweke mbele ya karatasi na maboksi, ukae pembeni, na umpe hali za kweli. Kwetu mazungumzo yalikwenda hivi:

"Mdogo wangu, ni asubuhi, Bibi kagoma uji. Nionyeshe unafanyaje."

"Nampa hiki cha bluu, dada. Hivi viwili naviacha."

"Halafu?"

"Nangoja njaa imshike."

"Karatasi inasemaje baada ya hapo?"

Alirudi kuisoma, akaona neno la kupiga simu lilikuwa mwisho kabisa wa mstari, limebanana na ukingo. Tulilipeleka kwenye mstari wake, kwa kalamu nene. Mlezi akikosea kwenye jaribio, rekebisha karatasi, usianze kumfokea. Mjaribu kwa hali nne hivi: mama hajala, amesahau dawa, mashine inaonyesha LO, mdomo umepinda. Rudia baada ya siku chache bila taarifa, kwa upole.

Kama mlezi anasoma kwa shida, msomee yote kwenye simu yake kama ujumbe wa sauti, dawa za asubuhi ujumbe mmoja, za usiku mwingine, kila dharura wake. Kama mama na mlezi huongea Kigogo, sehemu ya dalili za hatari isemwe kwa Kigogo na mtu wa nyumbani anayekijua vizuri, kisha mlezi aieleze tena kwa Kiswahili, mpate kusikia kama imefika ilivyo.

Hatua ya tisa: tarehe

Juu ya karatasi andika tarehe na jina la aliyeitafsiri. Kila mama akirudi kliniki na dozi ikabadilika, hata moja, andika karatasi nzima upya na uichane ya zamani. Usikate kwa kalamu na kuandika juu yake: usiku, kwa mwanga wa tochi, mlezi haoni kipi kimekatwa na kipi kimeongezwa. Dawa iliyosimamishwa iondoke ndani ya nyumba siku hiyohiyo, ikiwemo ile iliyo chini ya mto, na kwenye karatasi mpya iwepo mistari michache ya "Dawa hizi zimesimamishwa, usimpe", yenye majina yake kama yalivyo kwenye maboksi.